Kwa nini kwenye Sindromu ya Down unatajwa umri wa mama na si wa baba?

Binti wa Pangani (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Nina mimba ya wiki tisa, ni ya tatu. Nimezaliwa Machi 1985, kwa hiyo nina miaka 40. Juzi kliniki nesi aliniambia kwamba kwa umri wangu, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye Sindromu ya Down ni kama mmoja kati ya 100. Nilipombeba wa kwanza nikiwa na miaka 25 ulikuwa kama mmoja kati ya 1,250. Alinieleza kwa upole na sina lawama naye.

Mume wangu ana miaka 52 na hakuna aliyeuliza umri wake. Nyumbani mawifi wameshaanza kusema nimechelewa kuzaa. Sijaja kutafuta faraja. Nataka kujua ni kitu gani hasa kinachobadilika mwilini mwangu kati ya 25 na 40, na kwa nini hicho kitu hakimpati baba. Meiosisi nilisoma sekondari, nikakariri majina ya hatua, nikafaulu mtihani na kusahau siku hiyohiyo.

Mwalimu Kombo

Dada, pole na majukumu. Nafundisha baiolojia, nitajaribu kwa ufupi.

Seli za mwili zina kromosomu 46, yaani jozi 23. Yai na mbegu ya kiume lazima vibebe nusu, 23 kila kimoja, ili vikikutana ipatikane 46 tena. Kwenye Sindromu ya Down mtoto anapata kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili, jumla 47. Mara nyingi yai ndilo lililokuja na mbili.

Kuhusu umri, ovari ni kiwanda. Kila mwezi hutengeneza yai jipya, na kiwanda kikichakaa hutoa mali yenye kasoro. Mwanamume naye anachakaa, ila anatoa mbegu mamilioni, zile mbovu hazifiki. Ndiyo maana hatajwi.

Fundi wa Hadubini

Mwalimu, sehemu ya kwanza umeipatia. Hiyo ya kiwanda kutengeneza yai jipya kila mwezi siyo, na jibu la swali la dada limefichwa hapohapo. Nimekaa maabara ya kromosomu miaka mingi, mniruhusu niandike kirefu.

Tuanze na kanga. Kanga inauzwa doti: vipande viwili vyenye pindo lilelile, mji uleule na jina lilelile, bado vimeungana, hujavikata. Kromosomu inapoingia kwenye meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza yai au mbegu, iko hivyo. Imeshajinakili, na nakala zake mbili zimeshikamana kama doti ambayo haijapita mkasi. Sasa kwa namba 21 wewe una doti mbili, moja ulipewa na mama yako na nyingine na baba yako. Zinafanana sana, ila tuseme majina yake yanatofautiana kidogo. Kwa namba zote 23, una doti 46.

Kazi ni kutoka kwenye doti 46 hadi kanga 23 mojamoja. Mwili unaifanya kwa migawanyiko miwili. Wa kwanza unatenga doti na doti: ya mama upande huu, ya baba upande ule, na bado hakuna iliyokatwa. Wa pili ndio unaokata kila doti kuwa kanga mojamoja. Watu wengi wanakumbuka ule wa pili kwa sababu unafanana na mgawanyiko wa kawaida wa seli. Matatizo mengi ya namba 21 yanaanzia ule wa kwanza, karibu robo tatu ya yale yanayotoka kwa mama.

Ili doti mbili zitengwe sawasawa, lazima kwanza zishikane. Inasikika kinyume, lakini fikiria watu wanaovuta kamba. Upande huu unavuta na ule unavuta, kamba inakaza, na hapo seli inajua kila doti imeshikwa na upande wake. Doti zisiposhikana hakuna kinachokaza. Kila moja inakwenda inakojiendea, na zote mbili zinaweza kuangukia upande mmoja.

Zinashikanaje? Hapa naomba usome taratibu. Doti ya mama na ya baba zinalazwa sambamba. Kanga moja ya mama na kanga moja ya baba zinakatwa mahali palepale, zinabadilishana ncha, kisha zinashonwa. Sasa ile ncha iliyohamia kwa baba bado imefungwa na nyuzi kwenye pacha wake aliyebaki kwa mama. Hajaachiliwa. Kwa hiyo doti mbili zimefungana, na kinachozifunga ni zile nyuzi zilizokuwa zinashika kanga mbili za doti moja.

Nyuzi hizo ni protini inayoitwa kohesini. Ina umbo la pete inayozunguka nakala zote mbili. Wakati wa mgawanyiko wa kwanza ukifika, kimeng'enya hukata pete za mikononi mwa kromosomu na doti zinaachana. Pete za kiunoni zinalindwa hadi mgawanyiko wa pili.

Sasa rudi kwenye umri wako, dada. Umezaliwa Machi 1985. Kuelekea Septemba 1984, mama yako akiwa na mimba yako ya kama miezi mitatu, mayai yako yalianza kuingia meiosisi. Yalilaza doti sambamba, yakabadilishana ncha, nyuzi zikafunga. Halafu yakasimama. Ulipozaliwa ulikuwa nayo kama milioni moja hadi mbili, yote yamesimama katikati ya mgawanyiko wa kwanza, na hakuna mengine yaliyotengenezwa baada ya hapo. Kila mwezi linaloiva ni moja kati ya yale ya 1984. Linaendelea na mgawanyiko wa kwanza siku moja na nusu hivi kabla ya kutoka kwenye ovari, na mgawanyiko wa pili halimalizi mpaka mbegu ya kiume iingie.

Yai lililokupa mtoto wa kwanza lilishikilia doti zake miaka 25. La mimba hii limeshikilia miaka 40. Kwa panya imeonyeshwa kwamba kohesini iliyowekwa wakati yai linaundwa haibadilishwi na mpya baadaye, na jinsi panya anavyozeeka ndivyo inavyopungua. Kwenye mayai ya wanawake waliozidi miaka 35 tunaona nafasi kati ya kanga pacha inapanuka, na jozi zinaachana kabla ya wakati. Nyuzi zimechakaa. Kuna wakati doti mbili zinakuwa zimeshaachana kabla ya kamba kuvuta, na kuna wakati doti yenyewe imefunguka ikawa kanga mbili kabla ya zamu yake. Yai likipata namba 21 mbili, mbegu ikaleta ya tatu, ndiyo hali tunayoizungumza.

Mzee wa Kahama

Mkuu Fundi, nimesoma lote. Kwetu Kanda ya Ziwa selimundu ni nyingi. Ina maana nayo inatokana na wamama kuzaa wakiwa wakubwa? Binti yangu alizaa akiwa na 36 na mjukuu ana selimundu.

Fundi wa Hadubini

Shikamoo mzee. Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Mjukuu wako ana kromosomu 46 kamili. Tatizo lake ni kosa la herufi moja ndani ya jeni ya himoglobini, na amelipata kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, kila mmoja akiwa mbebaji. Binti yako angezaa akiwa na 19 uwezekano ungekuwa uleule, mmoja kati ya wanne kwa kila mimba. Umri wake haukuchangia kitu.

Mama Zuhura

Nimesoma huku machozi yananitoka, na nina swali zito. Zuhura nilimzaa nikiwa na miaka 23. Ana Sindromu ya Down. Sasa ana miaka sita, moyo ulikuwa na tundu akafanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri na anaijua familia nzima kwa majina. Kama nyuzi zinachakaa kwa umri, zangu zilichakaa lini? Mama mkwe alisema ni dawa za uzazi wa mpango nilizotumia kabla. Miaka sita nimebeba neno hilo.

Karatasi ya kipimo ninayo, imeandikwa `47,XX,+21`.

Fundi wa Hadubini

Mama Zuhura, kwanza uliweke chini neno hilo. Kidonge ulichomeza ukiwa na miaka 21 hakikufunga wala kufungua doti zilizolazwa sambamba wewe ukiwa tumboni mwa mama yako. Hakuna ushahidi kwamba dawa za uzazi wa mpango zinaleta hali hii.

Uchakavu ni sababu moja. Kuna nyingine isiyosubiri umri. Nilisema doti zinafungwa na mahali zilipobadilishana ncha. Namba 21 ni fupi kuliko kromosomu zote zisizo za jinsia, mara nyingi inabadilishana mahali pamoja tu. Kuna mayai ambayo hapo 21 haikubadilishana kabisa, au ilibadilishana mwishoni kabisa mwa pindo. Ukibadilishana mwishoni kabisa, kipande kilichobaki cha kushikwa na nyuzi ni kidogo mno, kinaachia kirahisi. Walipopimwa mama wadogo wenye watoto kama Zuhura, mpangilio huo ulionekana mara nyingi. Yai la namna hiyo lina hatari ileile ukiwa na 20 au 40, maana hitilafu ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wewe hukuchakaza kitu.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wanaisahau. Tuchukue uzazi 100,000 kwa mfano tu. Tuseme 90,000 ni wa mama walio chini ya miaka 35, na kwao wastani ni mmoja kati ya 1,000. Hao ni watoto 90. Uzazi 10,000 uliobaki ni wa mama wa 35 na zaidi, tuseme wastani ni mmoja kati ya 200. Hao ni 50. Kila mama mkubwa ana hatari mara tano, na bado watoto wengi wamezaliwa na mama wadogo, kwa sababu wao ndio wanaozaa zaidi. Kwenye mkutano wa wazazi wa watoto hawa ungekuta mabinti wengi wa rika lako.

Mama Zuhura

Asante. Asante sana. Na nikitaka mwingine? Sasa nina 29.

Fundi wa Hadubini

Kwa `47,XX,+21`, yaani kromosomu 47, mtoto wa kike, 21 moja ya ziada ikiwa peke yake, hatari ya kurudia kwa mama wa umri wako ni kama mmoja kati ya 100. Iko juu kuliko ya wenzako wa 29, ila kwa 99 haitokei. Sababu mojawapo ni kwamba wachache wana baadhi ya seli za ovari zenye 21 tatu bila wao kujua.

Ungekuwa na karatasi yenye namba 46 na maneno ya `der(14;21)`, ningekwambia kitu kingine. Hiyo ni pale 21 ya ziada imegandana na namba 14, na wazazi wote wawili wanapaswa kupimwa damu, maana mmoja anaweza kuwa mbebaji mzima asiye na dalili. Hizo ni kama tatu au nne kati ya kila 100 za Sindromu ya Down, na hazifuati umri wa mama. Kwenu haipo, karatasi yako inasema wazi.

Nesi wa Zamu

Naomba nichangie, nipo wodi ya wazazi. Sisi tulifundishwa sababu tofauti: mwili wa mama kijana unazitoa mapema mimba zenye kasoro, na mfuko wa uzazi ukizeeka unalegea, unaziachia zikue. Kwa hiyo kasoro ni zilezile, ila mama mkubwa hazitoki. Mbona hujalitaja hilo?

Fundi wa Hadubini

Dada Nesi, wazo hilo lipo muda mrefu na lina mantiki. Ila lina njia ya kujaribiwa. Kromosomu ya ziada inaweza kutoka kwa baba pia, chini ya mara moja katika kumi. Kama mfuko wa uzazi uliozeeka ndio unaoachia, basi ungeachia zote, za mama na za baba. Tungeona watoto wenye 21 ya ziada kutoka kwa baba nao wanaongezeka kwa mama wakubwa. Haiko hivyo. Wanaoongezeka kwa umri wa mama ni wale ambao kromosomu ya ziada ilitoka kwake. Hilo linaelekeza kidole kwenye yai. Pia mimba nyingi zinazoharibika kwa mama waliozidi 40 zina kromosomu zisizo kamili, namba 16 ikiwa maarufu, na hakuna mtoto mwenye 16 tatu katika seli zote anayezaliwa hai. Kwa hiyo mwili wa mama mkubwa bado unazitoa kwa wingi.

Nesi wa Zamu

Hoja ya baba nimeielewa, sikuwahi kuifikiria. Lakini siamini kwamba mfuko wa uzazi hauna mchango hata kidogo. Ninayoyaona kazini yananiambia vingine.

Binti wa Pangani

Fundi, Mungu akujalie. Nimepiga simu kwa mama nikamuuliza 1984 mwezi wa tisa alikuwa wapi. Alikuwa Korogwe, akiishi na shangazi. Kujua kwamba yai la mimba hii lilianza pale kumenibadilishia kichwa.

Bado sijapata la baba. Yeye ana 52, mbona nyuzi zake hazichakai?

Fundi wa Hadubini

Kwa sababu hazingoji. Mwanamume hana meiosisi yoyote kabla ya kubalehe. Ana seli mama zinazojigawa kila siku, na kutoka humo mbegu zinatengenezwa upya, kazi nzima inachukua miezi miwili na siku kadhaa. Mbegu iliyoleta mimba hii doti zake zilifungwa na kukatwa mwaka huuhuu. Nyuzi zilikuwa mpya. Vilevile korodani ni kali: seli ambayo doti zake hazikujipanga vizuri mara nyingi husimamishwa ikafa. Yai halina ukaguzi mkali kiasi hicho.

Na tofauti nyingine: meiosisi ya mwanamume hutoa mbegu nne. Ya mwanamke hutoa yai moja, na nusu nyingine kila mara inatupwa kwenye kifurushi kidogo pembeni. Kwa hiyo doti mbili za 21 zikienda pamoja, kuna wakati zote zinaangukia kwenye kifurushi. Yai linabaki bila 21, na mimba hiyo haifiki popote. Mama anaona amechelewa siku zake, basi.

Lakini mume wako asijione amesalimika kabisa. Seli zake mama zinajigawa kama mara 23 kwa mwaka tangu balehe. Tuseme alianza akiwa na 15. Miaka 37 mara 23 ni 851, ukijumlisha na thelathini za kabla ya hapo unakaribia 880. Yai lako lilipita migawanyiko kama 22 tu kabla ya kuanza meiosisi. Kila kunakili kunaweza kukosea herufi. Ndiyo maana makosa mapya ya herufi, mfano aina ya ufupi wa viungo inayoitwa akondroplasia, yanafuata umri wa baba. Kwake kinachochakaa ni maandishi, kwako ni nyuzi. Uwezekano wa kila kosa la namna hiyo peke yake ni mdogo sana, msianze kuogopa.

Mwalimu Kombo

Nimekubali kurekebishwa, na Jumatatu nabadilisha somo langu. Kanga nitaibeba darasani. Ila kuna linalonisumbua: kama kusubiri kunaharibu, kwa nini mwili wa mwanamke uanze mapema hivyo? Je, ni ili kukwepa hayo makosa ya kunakili?

Fundi wa Hadubini

Hilo ndilo jibu ninaloliegemea, mwalimu: kunakili mara 22 badala ya 880 ni faida kubwa, na kwa sehemu kubwa ya historia wanawake walizaa wengi wakiwa vijana, uchakavu haukuwahi kulipiwa. Wenzangu wengine wanapinga, wanasema ni urithi tu wa jinsi ovari inavyojengwa. Hatujamalizana.

Nesi wa Zamu

Dada Binti, la vitendo. Uko wiki ya tisa. Kuanzia wiki ya 11 mpaka 13 na siku sita kuna ultrasaundi inayopima unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto. Baada ya hapo kipimo hicho hakifai tena, usikipitishe. Kuna pia kipimo cha damu yako kuanzia wiki ya kumi, kinachohesabu vipande vya vinasaba vilivyotoka kwenye kondo. Ni kizuri sana, ila bado ni cha kuchuja. Kikisema ndiyo, uthibitisho ni kwa maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, na hicho kina hatari ndogo ya mimba kutoka. Kupima au kutopima ni uamuzi wako na mumeo.

Binti wa Pangani

Asanteni wote. Ultrasaundi nimepanga wiki ya 12. Damu tutaamua tukiwa wawili, mume wangu amesoma uzi wote jana usiku na hesabu ya 880 ameirudia mara mbili kwa kalamu.

Wifi mkubwa kaniuliza, mbona jirani alizaa akiwa na 43 na mtoto mzima? Nimemwambia kwa 43 wengi wanazaa hivyo, hata nesi hakusema vingine. Kisha nikachukua doti mpya kabatini, ile aliyoniletea mwenyewe Idi iliyopita, nikamwonyesha pale inapokatwa. Amekaa akasikiliza mpaka mwisho.

Mama Zuhura

Dada Binti, ukishapima urudi utuambie. Na Fundi, ile karatasi nimeipiga picha nikamtumia mama mkwe pamoja na maelezo yako. Bado hajajibu.